Watumiaji wanaoandika "haifanyi kazi" halafu kimya: watu wa programu Dar mnawahoji vipi?

Dada_wa_Tiketi

Wakuu habari za asubuhi.

Nipo kwenye timu ndogo ya programu, ofisi ipo Kijitonyama. Apu yetu inatumiwa na madereva wa bodaboda na bajaji wanaosambaza vifurushi hapa Dar. Malalamiko yao napokea mimi kwenye grupu la WhatsApp, nayageuza tiketi, madevelopa wanayafanyia kazi. Ndivyo ilivyotakiwa iwe. Malalamiko yenyewe ya wiki hii ni haya:

"Haifanyi kazi"
"Imegoma"
"Oya ofisi apu imekufa"
"Bado haifanyi kazi" (huyu ya kwanza hakuwahi kuisema)

Aina ya simu hakuna, skrinshoti hakuna, alichobonyeza hakuna. Nikiandika tiketi hivyo hivyo, developa anaifunga: "Kwangu inafanya kazi." Nikimrudia dereva na maswali anajibu kesho yake, au ananiuliza kama sijui kusoma, si ameshasema haifanyi kazi.

Kilichonileta hasa ni hiki. Tangu tuhamie seva mpya kuna madereva wanashindwa kutuma picha ya leseni wakati wa kujisajili. Wengine inawakubali, wengine inawakatalia. Tuliwaomba waliokwama watutumie hizo picha kwenye grupu la WhatsApp, developa akazipandisha mwenyewe kwa simu ya ofisi, zikapita zote. Sasa picha ni nzima, seva ni nzima, simu ya ofisi ni nzima, na dereva bado analia. Mtu wa namna hii unamuuliza nini akupe kitu cha kushika?

Kondakta_Mstaafu

Uzi bila picha ni batili, na malalamiko bila picha vilevile. Nimekaa siti ya dirishani, endeleeni.

Dogo_Kompyuta

Dada hiyo ni mtandao tu, wala msijisumbue. Hawa jamaa wananunua bando la siku, likibaki kidogo picha haipandi. Ofisini mna waifai ndiyo maana kwenu inakubali. Waambie wafute apu, waiweke upya, na wahakikishe bando lipo. Asilimia 90 ya malalamiko yanaisha hapo.

MamaVifurushi_Tegeta

Dogo, na sisi tulio upande wa pili tuseme.

Mimi nauza magauni mtandaoni, natumia apu za kila aina. Nikiandika "haifanyi kazi" ni kwa sababu apu yenyewe imeniandikia "Samahani, kuna tatizo. Jaribu tena." Sasa hapo niongeze nini? Nilichokiona ndicho nimekisema. Na hiyo skrinshoti mnayoililia, apu yangu ya benki hairuhusu kupiga, inakwambia kabisa imezuiwa. Kuna mara nilijitahidi nikaandika maelezo marefu, nikajibiwa na mtu wa kwanza, akanipeleka kwa wa pili, wa pili akauliza yale yale upya. Tangu hapo naandika maneno mawili, wakitaka mengine watanipigia.

Babu_wa_Seva

Dogo_Kompyuta, hilo la mtandao usilitupe, tutalirudia. Lakini "futa uweke upya" iwe dawa ya mwisho kabisa. Mtu akifuta apu anafuta pia alichokuwa amekijaza, kumbukumbu za hitilafu zilizo ndani ya simu, na toleo alilokuwa nalo. Ikikubali baada ya hapo hujui kilichopona ni kipi. Isipokubali umepoteza ushahidi, na dereva amekula bando kupakua upya.

Dada, kabla ya kumuuliza mtu chochote, angalia ulichonacho tayari. "Haifanyi kazi" iliyokuja WhatsApp ina namba ya simu na ina saa. Kama namba hiyo ndiyo aliyojisajilia, unajua ni nani. Saa iliyo pembeni ya ujumbe inakwambia tatizo lilitokea kabla ya hapo, na mara nyingi si muda mrefu kabla, maana mtu hulalamika akiwa bado na hasira. Vitu hivyo viwili vinatosha kufungua logi za seva na kutazama yule mtu alikuwa anafanya nini dakika zile. Maswali yaje baada ya hapo, na yawe machache.

Kwa hiyo nipe mmoja wa hao waliokwama. Alilalamika saa ngapi, na simu yake iliandika nini?

Dada_wa_Tiketi

Mzee hapo ndipo pagumu. Madereva wa vijiweni hawaandiki wenyewe grupuni, wanamwambia msimamizi wao, yeye ndiye anatuandikia asubuhi yake. Saa ya ujumbe ni ya msimamizi, na namba ni yake.

Nilimpata dereva mmoja wa Mbagala Rangi Tatu, nikamwomba anitumie sauti badala ya kuandika. Alieleza vizuri kuliko nilivyotegemea. Alifungua sehemu ya kujisajili, akapiga picha leseni kwa kamera ya simu, akabonyeza Tuma, ikazunguka muda mrefu halafu ikaandika "Hakuna mtandao". Anaapa mtandao ulikuwepo kwa sababu wakati huo huo alikuwa anachati. Ilikuwa saa 3:40 hivi, juzi.

Nikaandika kwenye tiketi "saa 3:40". Developa akatafuta 03:40, kimya kabisa. Akatafuta 15:40, akakuta watu wamejisajili bila shida. Tiketi ikafungwa.

Kondakta_Mstaafu

Saa 3:40 ya dereva wa Mbagala mnaitafuta saa tisa ya usiku wa manane? Huyo developa wenu amezaliwa wapi?

Bajaji_ya_Mbezi

Ndo nyie mlionikata hela ya safari ya Ijumaa? Nimetuma malalamiko mpaka leo hakuna jibu. Kama ni nyie mrudishe hela ya watu.

Na hiyo ya leseni tunaijua kijiweni, nyie ofisi ndio hamjui. Picha ukipiga na kamera haiendi. Unamtumia mwenzio WhatsApp, anakurudishia, unachagua hiyo iliyorudi, inaenda chap. Mimi alinirudishia wife. Hela yangu tafadhali.

Dada_wa_Tiketi

Kaka sisi hatukati hela za safari, sisi ni vifurushi tu, hiyo itakuwa apu nyingine, pole. Lakini hebu rudia. Picha ile ile, ikipita WhatsApp ndiyo inakubali?

Bajaji_ya_Mbezi

Ndiyo. Ile ile. Basi sawa kama si nyie, ila wote mnafanana.

Babu_wa_Seva

Bajaji amemaliza kazi na hajui.

WhatsApp ukituma picha kwa njia ya kawaida inaibana, inapunguza vipimo na uzito. Picha iliyotoka kwenye kamera ikiwa na MB 4, ikifika upande wa pili inaweza kuwa na kilobaiti mia mbili tatu. Ninyi mliwaomba madereva picha kwa WhatsApp, kwa hiyo mlichojaribu ofisini hakikuwa kile kilichomkwamisha dereva. Tatizo lilikuwa limeshaondolewa njiani. Siku nyingine mwambie mtu atume faili kama dokumenti, asitume kama picha, hapo linafika lilivyo.

Nashuku kikomo cha ukubwa kwenye seva yenu mpya. Sasa turudi kwenye saa. Dereva alisema 3:40 ya asubuhi au ya usiku?

Dada_wa_Tiketi

Usiku, alikuwa ametoka kijiweni.

Babu_wa_Seva

Basi kwa saa ya simu ni 21:40. Na seva za kukodi nyingi huja zimewekwa UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo kwenye logi itafute 18:40. Huyo mtu mmoja ameshawapa saa tatu tofauti bila kukosea hata moja.

Jambo jingine, developa wenu alitafuta logi gani? Kama alifungua logi za programu yenu hataona kitu hata akipata saa. Ombi likizidi kikomo, nginx, yule bawabu anayepokea maombi mbele ya programu yenu, hulikataa mlangoni, programu iliyo nyuma yake haipewi habari. Mwambie atazame hapa, na kama faili la juzi limeshazungushwa, afungue error.log.1, au error.log.2.gz kwa zgrep:

```
grep " 18:4" /var/log/nginx/error.log
```

Dogo_Kompyuta

Mkuu kwa heshima, hapo sikubaliani. Ikizidi kikomo nginx inajibu 413, yaani ombi ni kubwa mno. Apu ingepokea 413 na kuonyesha kosa la seva. Dereva ameona "Hakuna mtandao". Hiyo ni laini yake.

Dada_wa_Tiketi

Nimerudi. Developa alikataa kwanza, baadaye akafungua. Iko hivi, tarehe na anwani ya mteja nimeziondoa:

```
18:41:26 [error] 913#913: *48210 client intended
to send too large body: 4387112 bytes,
request: "POST /api/leseni HTTP/1.1"
```

Na si mmoja. Imejaa mistari ya hivyo tangu siku tuliyohama.

Babu_wa_Seva

Baiti 4,387,112 ni MB 4 na ushee. Nginx msipoiandikia kikomo inatumia MB 1. Bila shaka seva ya zamani kuna mtu aliwahi kuandika mstari wa kuongeza, akaondoka, mkahama na programu bila kuhama na mstari wake. Kwenye mipangilio ya nginx uwekwe huu:

```
client_max_body_size 10m;
```

Halafu `nginx -t` kuhakiki kwamba hamjaharibu maandishi, kisha `nginx -s reload`. Seva haizimwi.

Sasa Dogo, swali lako ni zuri na ndilo lililowapoteza wengi. Nginx husoma kichwa cha ombi, huona ukubwa ulioandikwa pale, na huamua kukataa hapo hapo. Lakini simu haijui. Apu nyingi za Android husukuma faili lote kwanza, ndipo zigeuke kusoma jibu. Nginx huvumilia kidogo, inaendelea kupokea na kumwaga kile kinachokuja. Kama hamjabadilisha mipangilio, uvumilivu wake ni sekunde 30. Mwenye waifai ya ofisi anamaliza kusukuma MB 4 ndani ya muda huo, anasoma 413. Mwenye laini isiyofikisha megabiti 1.2 kwa sekunde kwenda juu hamalizi, anakatiwa katikati. Simu yake inaona muunganiko umekufa, na apu yenu, nina hakika, kila muunganiko ukifa inaandika "Hakuna mtandao".

Kwa hiyo mtandao wa polepole umo, hapo ulikuwa sahihi. Umo kwenye maneno anayoyaona dereva. Picha ingekataliwa hata angekuwa na laini ya mbio.

Dogo_Kompyuta

Sawa mkuu, hiyo ya sekunde 30 sikuijua. Ila bado nasema wangekuwa na bando zuri wangeona kosa sahihi na lingekamatwa mapema.

MamaVifurushi_Tegeta

Yaani mteja anunue bando kubwa ili ofisi ione kosa lake vizuri. Haya.

Babu_wa_Seva

Mama kasema. Na kuongeza kikomo ni nusu ya kazi. Picha ya leseni haihitaji MB 4 ili jina na namba visomeke. Apu ipunguze picha kabla ya kutuma, upande mrefu uwe pikseli 1600 hivi, kwa kawaida hushuka chini ya MB 1. Dereva anaokoa bando na anamaliza kabla taa za barabarani hazijawaka kijani. Lakini kikomo kiongezwe leo, maana hilo ni la dakika chache. Toleo jipya la apu litawafikia watu kidogo kidogo.

Dada_wa_Tiketi

Mstari umewekwa. Dereva wa Mbagala amejaribu sasa hivi kwa kamera, imekubali. Msimamizi wake ameandika grupuni "Inafanya kazi", bila maelezo pia.

Lakini swali langu la kwanza bado lipo. Hapa tumebahatika Bajaji amepita. Kesho litakuja lingine. Meneja wangu anataka tutengeneze fomu: jina, aina ya simu, toleo la Android, toleo la apu, hatua ulizofuata, ulitegemea nini kitokee, nini kimetokea, skrinshoti, ukubwa wa tatizo. Bila kujaza zote huwezi kutuma.

Fundi_Ubora

Dada mimi kazi yangu ni kupima programu, na fomu kama hiyo niliwahi kufanya nayo kazi sehemu nyingine. Malalamiko yalipungua sana mwezi wa kwanza, wakubwa wakafurahi. Baadaye tukagundua watu walikuwa wanampigia mhasibu kwa sababu namba yake ilikuwa kwenye risiti. Waliojaza walikuwa wanaandika "aaa" kwenye hatua ulizofuata, na kwenye aina ya simu "nzuri".

Fomu ile ni nzuri kwa sisi wapimaji, tunaolipwa kuijaza. Mtumiaji asiulizwe kitu ambacho simu yake inakijua. Aina ya simu, toleo la Android, toleo la apu, saa kamili, namba ya mtumiaji, vyote hivyo apu inaweza kuvichukua yenyewe akibonyeza "Toa taarifa". Mtu abaki na kile ambacho simu haikijui, yaani alikuwa anataka kufanya nini.

Babu_wa_Seva

Naunga mkono. Na yule anayeandika kwenye ujumbe wa kosa aache "Kuna tatizo". Aweke namba fupi inayosomeka hata kwa simu ya mezani. Kwenu mfano: LESENI-413 seva ikikataa, LESENI-KATIKA muunganiko ukikatika wakati wa kutuma, LESENI-BUBU kama simu haina mtandao kabisa. Hizo mbili za mwisho leo mmezipa maneno mamoja, ndiyo maana dereva aliyekatiwa na seva akaambiwa anunue bando. Chini yake pawe na saa, iandikwe "21:41", si "3:41", ili mkisomewa kwa simu msibishane.

Msimamizi akiandika asubuhi "vijana wangu wawili wanapata LESENI-KATIKA", hiyo ni ripoti kamili na ina maneno machache tu.

Fundi_Ubora

Na mpaka hilo toleo litoke, dada, mimi huuliza kwa sauti, kama ulivyofanya kwa yule wa Mbagala. Dereva haandiki aya, lakini anaongea. Siulizi "hatua ulizofuata", namuuliza kitu cha mwisho alichobonyeza kabla haijagoma. Namwomba anisomee maneno yaliyo kwenye kioo kama yalivyo, asinifupishie, kwa sababu "imegoma" yake inaweza kuwa imeganda, imejifunga, imeandika kosa, au imerudi mwanzo, na kila moja inaanzia mahali pake kutafutwa. Saa namwambia anitajie na asubuhi, mchana au usiku.

Halafu swali ninalolipenda kuliko yote: kuna mwenzio kijiweni imemkubali? Akisema yupo, namuuliza yule amefanya nini tofauti. Ukilinganisha aliyekubaliwa na aliyekataliwa mara nyingi jibu liko katikati yao. Mngeuliza hivyo Mbagala, hiyo mbinu ya kurudishiana picha ingewafikia siku ya kwanza.

Dada_wa_Tiketi

Hilo la mwenzio kijiweni nalichukua leo leo.

Wakili_wa_Mtaa

Samahani naingilia, si fani yangu. Umesema madereva walituma picha za leseni kwenye grupu la WhatsApp ili mzijaribu. Leseni ina jina, tarehe ya kuzaliwa, picha ya mtu. Grupu lina watu wangapi? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Namba 11 ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na kuna Tume inayoisimamia. Ukikusanya taarifa ya mtu kwa ajili ya usajili, huwezi kuimwaga mbele ya madereva wengine kwa sababu unatafuta hitilafu. Na hicho kitufe cha kuchukua taarifa za simu chenyewe, mwambieni mtumiaji kinachukua nini.

Fundi_Ubora

Wakili yuko sawa. Kutafuta tatizo la ukubwa wa picha hakuhitaji leseni. Apige picha ukurasa wa gazeti kwa kamera ile ile, atume kama dokumenti kwa namba ya ofisi, uzito utakaribiana. Skrinshoti nazo ziangaliwe, watu hupiga na salio lao juu.

Dogo_Kompyuta

Lakini mkichukua taarifa zote za simu hizo wengine wataogopa. Mimi nikiona apu inataka kujua simu yangu ni aina gani naifuta.

Babu_wa_Seva

Dogo, kwa miaka mingi kivinjari cha simu kilikuwa kinaiambia kila tovuti aina ya simu yako. Lakini hoja ya kuogopa naielewa, ndiyo maana akibonyeza aone kwanza kinachoenda, ndipo atume. Namba zake za watu na picha zake hazihusiki na zisiguswe.

MamaVifurushi_Tegeta

Na mkishapokea mjibu. Hata "tumeiona, tutakujulisha Alhamisi". Mtu akituma mara tatu bila jibu, ya nne atatuma matusi, na matusi hayana aina ya simu.

Kondakta_Mstaafu

Matusi yana saa na namba. Mzee kasema vinatosha.

Dada_wa_Tiketi

Mrejesho wa jioni wakuu. Waliokuwa wamekwama karibu wote wamepita. Namba fupi za makosa developa amekubali kuziweka toleo lijalo, fomu ya meneja bado tunabishana. Leseni zilizokuwa grupuni nimeziomba zifutwe, ingawa walioshapakua siwezi kuwafuata.

Amebaki mmoja wa Gongo la Mboto. Bado "Hakuna mtandao". Nimempigia, nikamuuliza saa, akasema saa kumi na moja na robo jioni, tukatafuta 14:15 kwenye error.log, hakuna mstari. Tukatafuta kwenye access.log inayoandika kila ombi linalofika, ombi lake la leseni halipo kabisa dakika zile.

Babu_wa_Seva

Kama halipo hata kwenye access.log, ombi lake halikufika kwenye seva hiyo. Msipekue tena mipangilio ya nginx. Ana toleo gani la apu, na aliipata wapi? Kuna wanaorushiana kwa Xender, mtu anabaki na toleo linaloelekea kwenye anwani ya seva ya zamani.

Dada_wa_Tiketi

Ndiyo, alirushiwa. Kasoma 2.1, sisi tupo 2.6. Nikafikiri tumempata, lakini nimeuliza lile swali la mwenzio kijiweni: wapo wawili wenye 2.1 hiyo hiyo, na picha zao zimeingia leo mchana.

Fundi_Ubora

Hao wawili wana simu kama yake? Na tarehe na saa ya simu yake iko sawasawa? Simu ikiwa na tarehe ya mwaka mwingine, cheti cha seva kinaonekana hakifai, muunganiko unakataliwa kabla ombi halijatumwa, na apu yenu itaandika "Hakuna mtandao" hapo pia. Ila tovuti nyingine nazo zingemsumbua, kwa hiyo muulize kama kivinjari chake kinafungua kitu.

Dada_wa_Tiketi

Saa yake sijauliza. Simu yake sasa haipatikani, nadhani yupo barabarani. Nitamtafuta usiku, na safari hii nitaandika 21:00.